Deni la Baba Mkubwa

Nilimwamkia kwanza. Tulikuwa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha hakimu, yeye na koti lake la misibani, mimi na bahasha ya kaki mapajani, na kabla sijaketi nilisema, "Shikamoo, baba mkubwa." Akajibu, "Marahaba," akiangalia ukuta. Dakika arobaini baadaye nilisimama mbele ya hakimu nikasema kwamba naweka pingamizi, sitaki mtu huyu awe msimamizi wa mirathi ya baba yangu.

Hakimu aliniuliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo: "Unasema ni mwizi?"

Nikasema hapana. Akauliza, "Sasa unapinga nini?"

Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nasoma falsafa, shahada ya uzamili, na muhula mzima uliotangulia tulikuwa tukijadili maana ya kuaminiana. Nilikuwa nimeandika kurasa ishirini juu ya jambo hilo, na hazikunisaidia hata sentensi moja mbele ya meza ile.

Baba alifariki Mwanza, alikokuwa dereva wa magari ya mizigo kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuacha wosia. Aliacha nyumba Buhongwa yenye vyumba vitatu vya kupangisha nyuma, kiwanja kimoja ambacho karatasi yake pekee ni hati ya mauziano iliyogongwa muhuri wa kijiji, akiba kidogo benki, na daftari. Daftari hilo nitalirudia. Aliacha pia mama yangu, sisi watoto watatu, na mtoto wa nne, mvulana wa miaka minane anayeishi Geita na mama yake. Huyo kwetu hatajwi. Nikisema hatajwi simaanishi kwamba hatumjui.

Kikao cha ukoo kilifanyika Kahama, kwa baba mkubwa, wiki ya pili baada ya mazishi. Mama hakwenda, alikuwa bado na hali mbaya. Mimi nilikuwa nimerudi chuoni Dar es Salaam kufanya mitihani. Miezi miwili baadaye binamu yangu, aliyekwenda mahakama ya mwanzo kwa shughuli zake, aliona karatasi kwenye ubao wa matangazo yenye jina la baba. Akaipiga picha akanitumia. Ilisema kwamba fulani ameomba kuteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani, na mwenye pingamizi afike mahakamani kabla ya tarehe iliyotajwa. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nataka kueleza kwa nini siku hizo tisa zilikuwa na uzito, maana wengi wetu hujua habari za mirathi baada ya nyumba kuuzwa. Kabla ya uteuzi, swali lililo mbele ya mahakama ni jepesi kidogo: nani anafaa? Baada ya uteuzi swali hugeuka kuwa: huyu amekosa nini? Ili msimamizi aliyekwisha kuteuliwa aondolewe, unatakiwa uonyeshe kwamba alipata uteuzi kwa udanganyifu, au mahakama ilifichwa jambo kubwa, au utaratibu uliharibika kiasi cha kupotosha uamuzi, au anafanya kazi kinyume cha maslahi ya warithi na wadai. Hayo yanawezekana, ila mzigo ni mzito, na wakati unaubeba mtu mwingine anakusanya kodi za nyumba akiwa na karatasi ya mahakama mkononi. Kwa hiyo nilipanda basi.

Ndani ya jalada niliona mambo matatu. La kwanza ni muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye majina kumi na moja na sahihi kumi na moja. Moja ni ya shangazi yangu, dada wa baba, ambaye siku ya kikao alikuwa Mwanza, amekaa kitandani kwa mama akimlisha uji. La pili ni orodha ya mali kwenye fomu ya maombi, ile Fomu Namba 1. Nyumba ilikuwapo, kiwanja kilikuwapo, akiba ilikuwapo. Lililokosekana ni deni. Katika daftari la baba, kwa mwandiko wake na sahihi ya kaka yake chini, kulikuwa na shilingi 3,000,000 alizomkopesha baba mkubwa kununua mashine ya kusaga. Hakuna mstari wowote wa kulipwa.

La tatu ni orodha ya warithi. Mama alikuwapo, sisi watatu tulikuwapo, na chini yetu, kwa mwandiko uleule, lilikuwapo jina la mtoto wa Geita.

Nilikaa na jalada lile muda mrefu. Bahasha yangu ya kaki ilikuwa na karatasi niliyoandika usiku kucha, ombi langu la kuteuliwa mimi badala yake, na katika ombi hilo warithi walikuwa wanne: mama na sisi watatu.

Watu hudhani msimamizi ndiye mrithi, au angalau mrithi mkubwa, na kwa sababu hiyo kugombea usimamizi huonekana kama kugombea mali. Sheria haiko hivyo. Kwa mujibu wa Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, ambalo ndilo linaloongoza mirathi ya kimila na ya Kiislamu katika mahakama za mwanzo Tanzania, kazi ya msimamizi ni kukusanya mali ya marehemu na madeni aliyokuwa akidai, kulipa madeni aliyokuwa akidaiwa, kisha kugawa kinachobaki kwa wanaostahili. Nani anapata nini ni swali jingine, la baadaye. Msimamizi ni mkono tu wa kupitishia. Unaweza kuwa msimamizi na usipate hata kijiko.

Lakini huo mkono achaguliwe nani? Jedwali linasema mahakama imteue mtu mmoja au zaidi mwenye maslahi katika mirathi, na iangalie matakwa ya marehemu kama aliyatamka, isipokuwa pakiwa na sababu ya kutofanya hivyo. Kisha linaongeza kitu ambacho mwanzoni nilikipita haraka: mahakama ikiona inafaa kwa ajili ya kuilinda mali, inaweza kumteua ofisa wa mahakama au mtu mwenye sifa njema asiyeegemea upande, afanye kazi pamoja na yule mwenye maslahi au achukue nafasi yake kabisa.

Tazama mambo hayo mawili yalivyokaa. Kwanza sheria inataka mwenye maslahi. Inaeleweka: anayehangaikia mali ni yule inayomhusu. Mtu baki ataacha bati livuje. Pili, sheria inamwogopa mwenye maslahi, na imeweka mlango wa nyuma wa kumwingiza asiyekuwa na upande. Maslahi yaleyale yanayomfanya mtu alinde mali ndiyo yanayomfanya aivute kwake. Sijui kama waandishi wa sheria walikusudia kuandika fumbo la maadili, ila waliliandika, na hakimu wa mahakama ya mwanzo analifumbua kila wiki akiwa na majalada mengine arobaini mezani.

Baba mkubwa alikuwa na hoja, na sitaki kuifanya ndogo. Alisema yeye ni kaka mkubwa wa marehemu, na kwa mila yetu kaka mkubwa ndiye anayesimamia. Hakubuni. Kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, zinampa kaka mkubwa au baba wa marehemu nafasi hiyo, na wasipokuwapo, ndugu mwingine atakayechaguliwa kwa shauri la ukoo. Alisema pia kwamba mimi ni mwanafunzi, ni binti, kesho nitaolewa, na mali ya ukoo itakwenda na mimi.

Hoja ya binti iliniuma, ila nimejitahidi kuipima bila hasira. Kanuni hizo za 1963 zilikwisha kupelekwa Mahakama Kuu na wajane wawili waliotakiwa kuondoka katika nyumba zao baada ya shemeji zao kuchukua usimamizi. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, ikisema mila haibadilishwi kwa hukumu. Rufaa ikatupwa mwaka 2010 kwa dosari ya karatasi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ikaona kwamba Tanzania ilivunja haki za wajane wale. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote na nilikuja nayo tayari kuyamwaga mezani.

Hakimu hakunipa nafasi. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi, kwamba hamchagui mtu kwa kuwa kaka wala kwa kuwa mtoto. Mila anaisikiliza, na ndiyo sababu baba mkubwa amekaa hapo. Muhtasari wa ukoo nao anausikiliza, kwa sababu unamwonyesha ndugu wanamtaka nani, ingawa haumfungi. Yeye anatafuta mtu atakayekusanya kila kitu, asifiche kitu, na arudi kutoa hesabu. Kisha akamgeukia baba mkubwa na kumwonyesha daftari.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Umelipa?"

Baba mkubwa akasema yale ni mambo ya ndugu wawili, mmoja amekufa, na mdogo wake asingemdai mahakamani. Nadhani alisema kweli. Baba asingemdai. Angekufa mara ya pili kuliko kumdai kaka yake mbele za watu.

Hakimu akauliza, bila ukali: "Nikikuteua wewe, kazi ya kwanza ya msimamizi ni kudai wanaodaiwa na marehemu. Utakwenda kumdai nani?"

Kimya.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali lililonishinda mwanzoni. Sikuwa nikipinga uadilifu wa baba mkubwa. Nilikuwa nikipinga mdai na mdaiwa kukaa ndani ya shati moja. Hata angekuwa mwema kuliko sisi sote, angewekwa mahali ambapo kutenda haki ni kujiandikia barua, kujijibu, na kujilipa. Wapo wanaoweza. Lakini hakuna ambaye angeweza kujua kama ameweza, na hilo la pili ndilo linaloihusu mahakama.

Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake ya mwaka 1986 juu ya kuaminiana, anapendekeza kipimo ambacho nilikiona kizuri darasani na kichungu nilipokaa kwenye benchi lile. Kwa maneno yangu: uhusiano wa kuaminiana ni wa haki ikiwa ungeweza kuendelea hata kila mmoja akijua mwenzake anategemea nini ili uendelee. Mke anayemwamini mumewe kwa sababu mume anategemea ujinga wake, siku akijua, imani itavunjika, na ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Baba mkubwa alitegemea tusisome jalada. Alitegemea mama akae kitandani, mimi nikae chuoni, na shangazi akiona sahihi yake asiseme kitu kwa sababu mwanamke haaibishi kaka yake. Tulipoyajua hayo, hakukuwa na njia ya kurudi kumwamini kwa namna ileile, mwizi au si mwizi.

Ningependa makala hii iishie hapo, mimi nikiwa upande wa haki. Lakini hakimu alikuwa amelisoma jalada lote, na bahasha yangu pia.

"Wewe, watoto wa marehemu ni wangapi?"

Nikasema watatu.

"Mwombaji ameandika wanne."

Nikasema huyo wa nne hakuzaliwa ndani ya ndoa. Hakimu akasema hajaniuliza alizaliwa wapi. Kama anastahili fungu, na kiasi gani, kitaamuliwa kwa wakati wake, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina neno juu ya kumnyima mtoto mali ya mzazi wake. Alichouliza ni kama ninamjua. Nikasema namjua. "Kwa nini hukumwandika?"

Ningeweza kusema nilimlinda mama. Kwa sehemu ni kweli, maana mama hajawahi kulitamka jina la mtoto yule. Lakini nilipokuwa nikiandika fomu ile usiku, nilipiga hesabu pia. Warithi wanne au watano, ile nyumba ikigawanywa. Nilipiga hesabu hiyo pembeni ya karatasi kwa penseli kisha nikaifuta, na alama ya kufutwa ilikuwa bado inaonekana.

Kwa hiyo tulikuwa wawili. Mmoja ameficha deni lake, mwingine ameficha ndugu yake. Yeye alikuwa amemwandika mtoto, na hata sasa sijui kama ni kwa huruma au kwa sababu warithi wakiwa wengi na wanagombana, kaka mkubwa anazidi kuhitajika. Sababu yoyote iwayo, katika jambo hilo fomu yake ilikuwa ya kweli kuliko yangu.

Hakimu aliahirisha shauri kwa wiki mbili na kuagiza mama wa mtoto aitwe, na shangazi aje kusema kama sahihi ni yake. Waliopita kwenye mashauri ya namna hii wanajua kwamba wiki mbili hizo ndizo zinazoua. Simu za usiku, wajumbe, mzee mmoja wa ukoo aliyeniambia kwamba aliyemshtaki babaye mkubwa hazikwi na ukoo. Nilimjibu kwamba sijamshtaki mtu. Akasema, "Kwetu hakuna neno lingine." Nadhani hapo alikuwa sahihi kuhusu lugha yetu. Tunalo neno la kumshtaki ndugu na neno la kumwamini. La katikati, la kumtaka mtu unayempenda akuonyeshe hesabu, ni lazima ulijenge wewe mwenyewe ukiwa umesimama, na kila mtu atalisikia kama lile la kwanza.

Siku ya kusikilizwa, shangazi alisema sahihi si yake. Alisema kwa sauti ya chini akaanza kulia, na baba mkubwa akampa leso. Mama wa mtoto alikuja kutoka Geita na mtoto akiwa amevaa sare za shule, labda kwa sababu ndizo nguo zake nzuri. Ana masikio ya baba. Ukumbini alitusalimia wote shikamoo, mmoja mmoja, mpaka mama yangu. Mama aliitikia.

Hakimu aliuliza kama mimi na baba mkubwa tuko tayari kusimamia pamoja. Mahakama huweza kuteua wawili, na mara nyingi ndiyo suluhu inayojitokeza haraka, kila upande uwe na jicho lake. Ubaya wake ni kwamba wawili wasioelewana wakitakiwa kusaini pamoja, mirathi inalala. Mpangaji hajui amlipe nani, kiwanja kinavamiwa, na kila mmoja anasema ni mwenzake. Baba mkubwa alisema hawezi kushika kalamu moja na mtoto. Niliona hakimu akiliandika hilo. Mimi nilisema niko tayari, ila sikulisema vizuri, na nadhani aliandika na hilo.

Mwisho aliteua wawili: mimi na shangazi. Mimi kwa kuwa nina maslahi, na siwezi kuyakana. Shangazi kwa sababu marehemu ameacha watoto na yeye hatarajii fungu, pande zote mbili zinakula kwake, na amekuja mahakamani kusema jambo lililomgharimu. Alitutaka tusaini ahadi ya kusimamia kwa uaminifu na tulete wadhamini. Katika miezi minne turudishe Fomu Namba 5 yenye mali zote na madeni yote, ya kudai na ya kudaiwa, na warithi wote watano waandikwe kwenye jalada. Asiyeridhika ana siku thelathini za kukata rufaa mahakama ya wilaya. Baba mkubwa hakukata.

Fomu Namba 5 tuliijaza jikoni kwa shangazi, mwezi wa nne ukielekea ukingoni. Nyumba, kiwanja, akiba, pikipiki ambayo tuliisahau ikiwa kwa fundi Igoma. Kodi za vyumba vitatu kwa miezi mitatu, shilingi 450,000, ambazo baba mkubwa alizipokea kabla ya shauri. Tulipofika sehemu ya madeni, shangazi aliniomba kalamu. Alisema hilo ataliandika yeye, kwa sababu ni kaka yake. Aliandika jina lote, kiasi chote, 3,000,000, na mashine ya kusaga kwenye mabano. Kisha akanyanyua simu, akampigia, akamwambia ameandika.

Sikusikia alichojibiwa. Walizungumza muda mrefu kwa Kisukuma, juu ya mvua na ng'ombe mmoja aliyevunjika mguu. Alipokata simu alinisukumia fomu, akaniuliza kama jina la yule mtoto nimeliandika lote, la kwake, la baba na la babu, au nimeandika la kwake tu.

Nilikuwa nimeandika la kwake tu.